Mia nane za nahodha

"Assalaam alaikum mwalimu. Naandika hadithi fupi ya mvulana wa hapa Lamu, jina lake Shee, ambaye dakika ya mwisho ya mtihani wa hesabu anasoma tena jibu lake na kuona amekosea alama ya kutoa. Kila niliyempa rasimu aisome ananiambia haamini. Nikupe na wewe. Kosa liwe lipi, alione vipi, na je, dakika moja yatosha kulirekebisha?" – Msomaji, Langoni

Waalaikum salaam, mwanangu. Rasimu nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, mazoea hayaniachi. Nianze na jambo dogo. Iondoe ile adhana ya adhuhuri mwishoni. Karatasi ya hesabu ya kidato cha nne ni ya saa mbili na nusu. Umeianzisha saa mbili asubuhi, basi itakwisha saa nne na nusu, na adhuhuri yetu haiingii mpaka saa sita ipite. Msomaji wa Langoni atakushika hapo kabla hajaifikia hesabu yako. Ukitaka sauti ya nje, punda watakutosha.

Sasa kosa lenyewe. Umemfanya Shee aandike 7 mahali pa −7, kisha dakika ya mwisho "macho yake yakatua hapo". Nimefundisha na kusahihisha hesabu miaka mingi, Malindi na kisha Lamu, na macho ya mwenye kuandika hayatui hapo. Mtu akisoma kazi yake mwenyewe huona alichokusudia kuandika. Ataurudia mstari ule mara kumi na ataupita mara kumi, tena kwa raha. Ndiyo maana wasomaji wako hawaamini, hata wale ambao hawawezi kukwambia sababu. Huyo kijana anahitaji kitu kingine cha kumwambia kuwa kuna kosa, nje ya mstari wenyewe. Halafu ndipo autafute.

Na si kila kosa la alama linafaa hadithi yako. Mengine hupiga kelele papo hapo: idadi ya watu inatoka kasoro tano, au kikokotoo kinagoma kutafuta kipeuo cha pili cha namba iliyo chini ya sifuri. Kosa kama hilo mwanafunzi huliona dakika ile ile, si mwisho wa mtihani. Wewe unataka kosa linalonyamaza. Litoe jibu zima, la kupendeza, ambalo mtoto atalipigia mistari miwili chini na kuendelea. Hilo tu ndilo linaloweza kungoja mpaka dakika ya mwisho.

Nitakupa moja. Linatokana na aina ya swali ambalo kila mwanafunzi wa Kenya amelikuta: watu wamepanga kuchanga sawasawa, baadhi wakakosa kuja, waliobaki wakalazimika kuongeza. Nimelipeleka baharini ili liwe lako:

Kundi la wanafunzi lilikodi mashua kwenda Takwa kwa shilingi 4,800, wachange sawasawa. Siku ya safari wanne hawakuja. Kila aliyekuja akaongeza shilingi 100. Je, mwanzoni walikuwa wangapi? Na mchango wa kila mmoja uliongezeka kwa asilimia ngapi?

Waliopanga kwenda tuwaite n. Mchango wa mwanzo ni 4,800 kugawa kwa n, wa pili ni 4,800 kugawa kwa n kasoro 4, na tofauti yao ni 100. Shee anaandika hivi, na mpaka hapa hana kosa:

```
4800/(n - 4) - 4800/n = 100
4800n - 4800(n - 4) = 100n(n - 4)
19200 = 100n^2 - 400n
n^2 - 4n - 192 = 0
```

Tazama mstari wa pili. Pale kuna mtego wa alama ambao kila mwalimu anaujua: kutoa nje ya mabano, kutoa ndani yake, na jibu linatakiwa liwe kujumlisha 19,200. Rasimu yako ingeweza kumwangusha hapo, lakini lingekuwa kosa la kelele. Angefika kwenye n² − 4n + 192 = 0, na mlinganyo huo hauna jibu lolote kwa namba za kawaida. Angekwama, angerudi nyuma, angerekebisha. Hadithi ingekufa dakika ya arobaini. Kwa hiyo mvushe salama. Mwangushe mbele, mahali ambapo ameshapumua.

Anatakiwa sasa kuuvunja mlinganyo kuwa mabano mawili. Anatafuta namba mbili ambazo zikizidishwa zinatoa −192, na zikijumlishwa zinatoa −4. Anajaribu 8 na 24, mbali mno. Anajaribu 12 na 16. Zimeachana kwa 4! Hapa ndipo mtoto anapofurahi, na furaha hiyo ndiyo inayomponza. Namba ameshazipata, alama anaziona ni jambo la kumalizia tu. Moja iwe ya kujumlisha na nyingine ya kutoa, maana kuzidisha lazima kutoe −192. Hilo analikumbuka. Asilokumbuka ni ipi ichukue ipi. Anaandika:

```
(n + 16)(n - 12) = 0
n = 12
```

Ukizidisha, 16 mara −12 ni −192, sawa. Ukijumlisha, 16 kasoro 12 ni 4, si −4. Alipaswa kuandika (n − 16)(n + 12), na jibu ni 16.

Lakini tazama jinsi 12 ilivyovaa vizuri. Ni namba nzima, ni idadi ya watu inayoingia kwenye mashua. Halafu ina uhodari mwingine ambao ndio ulionifanya nilichague swali hili. Kumi na wawili ni namba ya kweli ndani ya kisa: ndio waliosafiri, maana kumi na sita kasoro wanne ni kumi na wawili. Si bahati. Mlinganyo ule unasema waliopanga mara waliokwenda ni 192, na 192 ni 16 mara 12. Ukibadilisha alama kwenye mabano unapata ile namba ya pili. Kosa la alama limempa Shee jibu sahihi la swali ambalo hakuulizwa.

Na hebu mpe sifa yake, mfanye mtoto mwangalifu. Muache ahakikishe. Baada ya kupata 12, anagawa 4,800 kwa 12, anapata 400. Anazidisha 400 mara 12, anarudi kwenye 4,800. Anatingisha kichwa: imekubali. Wanafunzi wengi huhakikisha hivi, na huku si kuhakikisha. Namba yoyote utakayogawa kisha ukaizidisha itakurudisha ulikotoka. Ile mia moja hajaigusa, na mia moja ndiyo habari yote ya swali. Kisha anaendelea na asilimia: mchango ulikuwa 400, umeongezeka 100, ni asilimia 25 kamili. Jibu sahihi ni 100 juu ya 300, asilimia 33 na theluthi, namba yenye mkia ambayo ingemtia wasiwasi. Jibu baya ni safi kuliko jibu zuri. Wasomaji wako wengi walishapita chumba cha mtihani, na wanajua jinsi jibu safi linavyomlaza mtu.

Sasa alione vipi. Hataliona kwa kusoma mistari yake. Ataliona kwa kulisoma swali, jambo ambalo hakuna anayelifanya tena akishalijibu. Na hapo ndipo ulamu wake unapoingia kazini. Katika rasimu umetia mikoko, milango ya nakshi na kahawa ya tangawizi, lakini hakuna kimoja kinachomsaidia Shee. Umetaja mara moja kuwa ami yake ni nahodha wa mashua, kisha ukamsahau. Mrudishe. Karatasi ya hesabu imeandikwa kwa Kiingereza, mtoto ameijibu kwa Kiingereza, na kwa saa mbili hakuna mashua yoyote iliyopita kichwani mwake. Lilikuwa n tu. Acha dakika ya mwisho mashua ije, na ije kwa lugha ya nyumbani.

Mimi si mwandishi, lakini nikuonyeshe ninavyoiona:

Msimamizi alitangaza dakika moja. Shee alikuwa ameshaiweka kalamu. Novemba, kusi limekwisha na kaskazi halijashika, karatasi zilikuwa zikigandana na mikono. Akalifungua tena swali la kumi na tisa, si kwa shaka, ila kwa kuwa ndilo alilolipenda. Watu kumi na wawili. Asilimia ishirini na tano. Akapandisha macho kwenye maneno ya swali, akayasoma polepole kama mtu asomaye barua aliyokwisha kuijibu. Mashua ya Takwa. Akawaona kumi na wawili gatini. Wanne hawakuja. Akawaona wanane wakishuka ngazi, kila mmoja na mia nne yake na mia ya kuongeza, noti za mia tano tupu, na ami yake amesimama kwenye tezi akizipokea. Ami huhesabu pesa kwa kidole gumba, bila kuziangalia. Mia tano, elfu, elfu na mia tano. Noti ya nane ikaingia, akanyamaza. Elfu nne. Akainua uso. "Mia nane zangu zi wapi?"

Hapo ndipo ukurasa wako unapogeuka, na hujahitaji neno la hesabu. Wanane mara 500 ni 4,000. Mashua imekodiwa kwa 4,800. Nahodha hali hesabu ya kuchanga, anakula nauli yake, na nauli imepungua mia nane. Msomaji asiyejua mlinganyo ni nini atalielewa deni hilo. Na Shee, aliyekuwa na imani na 12 kwa saa nzima, hawezi kubishana na ami.

Ndipo ashuke kwenye mistari kutafuta. Mwache atafute kwa sekunde chache, usimpe kosa mkononi. Anapita mlinganyo wa kwanza, uko sawa. Anafika n² − 4n. Anafika kwenye mabano, na safari hii anajumlisha: kumi na sita, toa kumi na mbili. Nne. Juu kuna kutoa nne.

Sasa kuhusu dakika yako moja. Nilikaa na saa ya mkononi nikajaribu mwenyewe, meza ya jikoni, mke wangu akinicheka. Kukata mstari mbaya, kuandika mabano mapya na n = 16: sekunde kama kumi na tano. Kukata sehemu ya asilimia, kugawa 4,800 kwa 16, kuandika 300, kisha 100 juu ya 300 mara 100, kisha 33 na theluthi: nyingine ishirini na tano hivi. Jumla arobaini na kitu, na mimi sikuwa natetemeka. Kwa hiyo kurekebisha peke yake kunawezekana. Kusoma swali, kumwona ami, kulitafuta kosa na kurekebisha kila kitu, vyote ndani ya dakika moja, hakuwezekani, na hapa ndipo rasimu yako ilipomfanya Shee malaika. Ukihesabu kwa haki, kuona na kutafuta kumemla sekunde thelathini na tano. Amebakiwa na ishirini na tano. Atarekebisha sehemu moja.

Na kuna jambo dogo la kalamu ambalo ningelipenda sana ulitumie. Alama ya kutoa hugeuzwa kuwa ya kujumlisha kwa kijistari kimoja cha wima. Ya kujumlisha haigeuki kuwa ya kutoa, wino hauondoki. Mkono wa Shee utakimbilia kwanza kwenye −12, maana hiyo ni rahisi: tia kijistari, imekuwa +12. Kisha atafika kwenye +16 na kukuta hana la kuifanya. Akijaribu kuunenepesha ule mstari wa kulala mpaka uumeze wa wima, msahihishaji ataona doa jeusi, na doa jeusi halina maksi. Nimeshika karatasi za namna hiyo, nikaziinua kwenye mwanga, nikajiuliza mtoto huyu alisema nini. Njia iliyo salama ni kukata mabano yote mawili kwa mstari mmoja mwembamba na kuyaandika upya chini yake. Inachukua sekunde tatu zaidi. Muache apoteze tano kabla ya kulikubali hilo.

Wala asifute 12 na kuweka 16 peke yake, akaacha mabano ya zamani juu. Kishawishi hicho kipo, nawe unaweza kumpitisha nacho. Lakini msahihishaji akiona (n + 16)(n − 12) halafu n = 16, anaona jibu lililotoka kwingine, na jambo la kwanza linalomjia ni jirani wa dawati la pili.

Utaniuliza ana faida gani, kama asilimia itabaki mbaya. Karatasi ya kidato cha nne husahihishwa kwa hatua. Ziko maksi za njia na maksi za jibu, na juu ya karatasi yenyewe mtahiniwa huambiwa aonyeshe kazi yake yote, kwa kuwa njia sahihi inaweza kupata maksi hata kama jibu ni baya. Maswali ya sehemu ya pili, kuanzia la kumi na saba mpaka la ishirini na nne, mtu huchagua matano na kila moja lina maksi kumi. Hili letu ningeligawa hivi: mbili za kuandika michango miwili kwa n, tano za kuutengeneza na kuutatua mlinganyo, tatu za asilimia. Kabla ya dakika ya mwisho, Shee ana mbili za kwanza, ana tatu katika zile tano kwa sababu mlinganyo wake ulikuwa sahihi mpaka kwenye mabano, na ana moja ya asilimia, kwa kuwa njia ya kuitafuta ilikuwa sawa ingawa 400 haikuwa. Sita. Akiyaandika upya mabano na 16, anapata mbili alizozipoteza. Nane. Asilimia inabaki na moja yake.

Kwa hiyo alichookoa ni maksi mbili katika mia. Usiziongeze. Rasimu yako ilisema alama moja "iliokoa maisha yake", na mwenzio mmoja ameandika pembeni "ebu!", nami naungana naye. (Kwa njia, lugha yetu imekupa zawadi hapa: alama ya kutoa na alama za mtihani ni neno moja. Mimi nimetumia maksi ili nisikuchanganye, lakini wewe unaandika hadithi, usiogope. Mtu anayepoteza alama kwa sababu ya alama, hilo ami anaweza kulisema kwa mzaha jioni.)

Namna ya kumaliza, basi. Msimamizi amesema kalamu chini. Shee ameandika 16 na nukta ya mwisho imekwaruza. Chini yake kuna ile asilimia 25, nadhifu, imepigiwa mistari miwili kwa rula, haijakatwa. Anaiona. Sasa anajua kwamba kumi na sita na ishirini na tano haziwezi kukaa ukurasa mmoja. Mtoto yeyote wa darasa lake angeweza kumwambia. Mkono wa msimamizi unakuja, unaichukua karatasi, unaiweka juu ya nyingine.

Usimrudishie. Mpeleke gatini akiwa bado na namba hizo mbili kichwani, na kama ami yupo amruhusu apande bila nauli. Nitumie rasimu ya nne ukiimaliza. Na mistari ile minne ya mlinganyo, pamoja na ile miwili ya mabano, iweke ukurasani kama ilivyo, usiieleze kwa maneno: msomaji anayejua ataipitia mwenyewe akitafuta kosa, na asiyejua ataruka mpaka kwa nahodha.